Nimeandikiwa makosa mawili kwa mkupuo: tinti na pleti chafu. Hivi vumbi nalo ni kosa?

GiaMbili (#1)
Wakuu salaam. Jana jioni nimesimamishwa nikitoka safari ndefu ya barabara ya vumbi. Askari kazunguka gari mara moja, karudi na kidude kama kibanio, kakibana kwenye kioo cha dereva, kikaandika 39. Akaniambia kiwango ni mwanga upite asilimia 70. Nikiwa bado nameza hilo, akanipeleka nyuma, akanionyesha pleti na kusema haisomeki. Nikatoka hapo na makosa mawili.

Kwamba nilikuwa chini ya kiwango sibishi. Ila tinti niliyobandika ni ya 50, boksi ninalo na risiti ninayo. Hiyo 39 imetoka wapi? Na pleti ndiyo inayoniuma zaidi. Sijaikunja, sijaifunika, ni vumbi tu. Nikiwa nimesimama pale pale niliisoma herufi zote. Mtu anaadhibiwaje kwa vumbi la barabara?

BataMaji (#2)
Pole mkuu. Ila "vumbi la barabara" umelibeba wewe na ukaondoka nalo. Huo nao ungekuwa wizi, shukuru yameishia mawili.

FundiVioo (#3)
Nipo kwenye kazi ya kubandika tinti miaka 11. Ndugu hujaibiwa. Ile 50 kwenye boksi ni ya karatasi yenyewe ikiwa peke yake. Kioo cha gari nacho, hata kikitoka kiwandani "cheupe", hakipitishi mwanga wote. Kina rangi kidogo ya kijani ukikitazama ukingoni. Wewe umeweka karatasi juu ya kioo ambacho tayari kinakula mwanga. Safari ijayo bandika ya 70 uwe ndani ya sheria, mambo yaishe.

Lenzi (#4)
FundiVioo umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Tupige hesabu ya GiaMbili kwanza, maana namba zake zimekaa sawa kabisa.

Kioo chake tuseme kinapitisha asilimia 78. Karatasi inapitisha nusu ya kile kilichopita. Nusu ya 78 ni 39, ndicho kifaa kilichosoma. Hivi vitu havijumlishwi wala havitolewi, vinazidishwa. Sasa chukua ushauri wako wa kubandika 70: 0.70 mara 78 ni 54.6. Bado anaandikiwa. Ili kioo cha 78 kibaki juu ya 70 baada ya kubandikwa, karatasi yenyewe lazima ipitishe karibu asilimia 90. Kwa macho hiyo ni kama hujabandika kitu.

Kwa hiyo mwenye kuuza karatasi ya 70 kama "ya kisheria" mahali ambapo sheria inadai 70 kwa kioo kizima, anamuuzia mtu faini.

FundiVioo (#5)
Sikatai hesabu. Lakini wateja wangu wa 70 hawarudi kulalamika.

BataMaji (#6)
Wengine huenda bado wako kituoni.

GiaMbili (#7)
Lenzi asante, hapo nimeelewa. Lakini mimi nikiwa ndani naona vizuri kabisa. Sijawahi kuhisi giza. Sasa wanapima nini ambacho jicho langu halikioni?

Mchanga_Mchanga (#8)
Na mimi tinti yangu ina mapovu kioo cha nyuma, fundi alibandika vibaya. Natoaje? Nina wembe hapa.

FundiVioo (#9)
Mchanga_Mchanga weka huo wembe chini! Kioo cha nyuma kina mistari myembamba ya kuondoa ukungu, imechapwa juu ya kioo upande wa ndani, na karatasi imebandikwa juu yake. Ukikwangua unaikata. Tumia mvuke wa moto au kikaushio cha nywele, gundi ilegee, kisha vuta taratibu kuanzia kona. Kama karatasi ni ya zamani gundi itabaki, hiyo utaitoa kwa maji ya sabuni na kitambaa. Mwenye haraka asiguse kioo cha nyuma.

Lenzi (#10)
Nikirudi kwa swali la #7. Jicho linadanganyika kwa sababu linajirekebisha. Mchana wa jua kali nje kuna mwanga wa laksi kama 100,000. Ukibakiza 39 katika kila 100 bado una 39,000, ni mwanga mwingi kuliko chumba chochote ulichowahi kukaa. Ndiyo maana huhisi kitu. Nenda sasa barabara yenye taa usiku, ambako kuna laksi 10 hivi, pengine pungufu. Zinabaki karibu 4. Mtu aliyevaa nguo nyeusi akitokea pembeni, huyo ndiye unayempoteza, na hutajua umempoteza maana hukumwona.

Kumbuka pia kwamba kioo cha mlango ndicho unachopitishia macho kwenda kwenye kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma. Ukirudi nyuma usiku kwenye kona yenye giza, unatazama taa hafifu ya gari lako kupitia karatasi hiyo hiyo.

KingoYaBarabara (#11)
Naongeza moja ambayo waendesha magari hawaioni. Mimi ni mtu wa miguu na baiskeli. Kabla ya kuvuka mbele ya gari lililosimama au linalokuja polepole, namtafuta dereva machoni. Akinitazama navuka, akiwa anatazama simu nasubiri. Gari lenye vioo vya mbele vyeusi linanifanya nibahatishe. Sijui kama amenipungia mkono nipite au anasalimiana na mtu wa ng'ambo.

Filimbi_Mstaafu (#12)
Nimesoma yote. Nilifanya kazi ya barabarani mpaka nikastaafu, niseme upande wetu bila kumtetea mtu.

Mkisimamisha gari usiku, hatua zile kumi kutoka ulipo hadi mlango wa dereva ndizo mbaya kuliko zote. Unachotafuta ni mikono. Iko wapi, na ndani wako wangapi? Kioo kikiwa cheusi unakwenda ukiwa hujui lolote. Tulikuwa tunaomba dereva ashushe vioo vyote na kuwasha taa ya ndani, na anayefanya hivyo kabla hajaombwa anaupunguza moyo kudunda kwa pande zote mbili. Lingine ni mkanda na simu. Huwezi kumwandikia mtu kosa la mkanda usiouona.

Na ndugu GiaMbili, kile kifaa una haki ya kukiuliza maswali. Kina vipande viwili, kimoja kinatoa mwanga na kingine kinaupokea, kioo kikiwa katikati. Kabla ya kubana, vile vipande vikikutanishwa bila kioo kinapaswa kusoma 100. Na kioo kinatakiwa kiwe safi na kikavu. Wewe ulitoka vumbini. Kilifutwa?

GiaMbili (#13)
Hakikufutwa! Wala sikuona akikijaribu bila kioo. Kumbe nina kesi.

Lenzi (#14)
Usifurahi sana. Vumbi la kawaida kwenye kioo linaweza kukuondolea pointi kadhaa. Ungekuwa umesoma 68 ningekwambia futa, omba upimwe tena. Kutoka 39 hadi 70 hakuna kitambaa kitakachokufikisha.

MapatoTu (#15)
Mnazunguka mbuyu. Hili ni suala la mapato. Kosa la tinti na la pleti ni rahisi kuandika: halihitaji shahidi, halihitaji kumfukuza mtu, gari linasimama lenyewe na ushahidi umebandikwa juu yake. Kama ni usalama, mbona malori yaliyopakwa tope kuanzia bampa hadi juu yanapita? Mbona magari ya wakubwa vioo vyake ni kama makaa?

Filimbi_Mstaafu (#16)
La wakubwa sina jibu, na nilipokuwa kazini sikuwa nalo pia.

Wakili_wa_Kijiweni (#17)
MapatoTu ana nusu ya hoja. Ni kweli makosa haya ni rahisi kuthibitisha, kwa sababu sheria nyingi zinatazama hali ya chombo, hazitazami nia ya dereva. Huulizwi kama ulikusudia pleti ichafuke. Unaulizwa: ulikuwa unaendesha, na ilikuwa inasomeka? Ni kama tairi lililoisha. Hakuna anayekusudia tairi liishe, lakini ukilipeleka barabarani ni lako. Nia inaingia baadaye, pale ulipoikunja pleti, ulipoweka kifuniko, ulipoigeuza herufi kwa rangi. Hapo linakuwa kosa jingine zito zaidi, linaweza kukupeleka hadi mahakamani kwa udanganyifu.

Kuhusu "haisomeki", kipo kipimo kinachoeleweka kimataifa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka namba isomeke mchana, hewa ikiwa safi, kutoka angalau mita 40, gari likiwa limesimama na msomaji akiwa kwenye mstari wa katikati ya gari. Nchi nyingine zina vipimo vyake. Lakini angalia, ni mita 40. GiaMbili ulisema uliisoma "ukiwa pale pale". Pale pale ni mita ngapi?

GiaMbili (#18)
Mbili. Labda mbili na nusu.

BataMaji (#19)
Hata mimi naweza kusoma mkataba wangu wa mkopo nikiusogelea hivyo.

Wakili_wa_Kijiweni (#20)
Hahaha. Lakini swali hilo hilo linamhusu askari. Alisimama wapi alipoamua haisomeki? Jioni ile jua lilikuwa limezama? Hapo ndipo ungekuwa na la kuuliza, si kwenye "vumbi si langu".

MamaNgozi (#21)
Samahani kurudisha nyuma kwenye tinti. Binti yangu ana lupasi, jua likimpiga ngozi inaamka kwa siku tatu. Tuliweka tinti nyeusi kwa ajili yake. Sisi nasi tuhesabiwe wahalifu?

Lenzi (#22)
Pole kwa mtoto. Habari njema ni kwamba weusi na kinga dhidi ya jua ni vitu viwili. Kinachomuumiza ni mionzi ya urujuanimno, na jicho haliioni. Kuna karatasi nyeupe kabisa zinazozuia asilimia 99 ya mionzi hiyo na kupitisha karibu mwanga wote unaoonekana. Kioo cha mbele tayari ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, na ile plastiki inazuia karibu yote. Vioo vya milango kwa kawaida ni tabaka moja, vinapitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo hivyo ndivyo vya kushughulikia. Binti akikaa nyuma, nchi nyingi zinaruhusu vioo vya nyuma viwe vyeusi zaidi mradi gari lina vioo vya kutazamia nyuma pande zote mbili. Na baadhi ya nchi hutoa kibali kwa cheti cha daktari, ulizia.

FundiVioo (#23)
Hapa nakubaliana na Lenzi kwa mara ya kwanza. Hata joto ni hivyo hivyo. Watu wanadhani nyeusi ndiyo inayopoza. Karibu nusu ya nishati ya jua ni mwanga wa infraredi usioonekana. Karatasi nyeusi ya bei ya chini inaunyonya, kioo chenyewe kinakuwa moto kama bati, na joto linaingia ndani polepole. Karatasi ya kauri inaweza kuwa nyepesi kwa macho na bado ikakata infraredi. Tatizo ni bei, na mteja akiiona ni nyepesi anasema nimemwibia.

MamaNgozi (#24)
Asanteni. Nitaulizia hiyo nyeupe.

Lenzi (#25)
Sasa pleti, maana ndiyo kazi yangu. Nimefunga na kurekebisha kamera za kusoma namba kwa muda mrefu.

Pleti si kibao kilichopakwa rangi. Mandhari yake, yaani eneo lililo nyuma ya herufi, ni utando wenye chembe ndogo za kioo zinazorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ndiyo maana ukiimulika usiku inakurudia machoni kama jicho la paka. Kamera inalitumia jambo hilo. Ina taa zake pembeni ya lenzi, mara nyingi za infraredi, hamzioni. Inapiga picha kwa muda mfupi sana ili gari linalokimbia lisitoke na ukungu. Kwenye picha hiyo gari lote ni giza. Kinachong'aa ni mstatili mmoja wa pleti, na herufi zinasimama nyeusi juu yake kwa sababu zenyewe hazirudishi mwanga.

Sasa weka vumbi. Mwanga wa kamera unalipita vumbi ukienda, unagonga utando, unalipita tena ukirudi. Hesabu ni ile ile ya kioo cha GiaMbili, ila hapa vumbi lile lile linapitwa mara mbili. Vumbi linalopitisha 60 linabakiza 36. Linalopitisha 30, ambalo kwa macho mchana bado unaona herufi chini yake, linabakiza 9. Kwako wewe uliyesimama mita mbili jua likiwaka, inasomeka. Kwa kamera usiku, na kwa dereva aliye nyuma yako mwenye taa zake tu, pale hakuna pleti.

GiaMbili (#26)
Duh. Hilo la kwenda na kurudi sikuwahi kulifikiria.

Kasibante_wa_Pikipiki (#27)
Mimi nasikia ukipuliza ile dawa ya kung'arisha, pleti inarudisha mwanga mwingi mpaka kamera inapofuka. Jamaa yangu anayo na hajawahi kupigwa faini.

Lenzi (#28)
Jamaa yako huenda anaendesha taratibu tu. Pleti tayari inarudisha mwanga mkali, na kamera imepangwa kwa ajili hiyo hiyo. Nyingi hupiga picha kadhaa mfululizo kwa viwango tofauti vya mwanga, iliyoungua inatupwa. Dawa nyingi ni vanishi tu ya kawaida. Ikiwa na athari yoyote, inaongeza tabaka jingine la kupita kwenda na kurudi, na ikizeeka inageuka njano. Vifuniko vya plastiki ni hivyo hivyo, hata vyeupe. Vya moshi vya 50 vinabakiza 25.

MapatoTu (#29)
Kwa hiyo umekiri. Ni kamera, na kamera ni faini. Kosa langu la kweli ni kuwanyima kamera chakula.

Jina_Langu_si_Lake (#30)
MapatoTu nikupe kisa changu, labda utabadilika, labda la.

Nilipokea taarifa ya faini ya mwendo kasi kwenye barabara ambayo sijawahi kuikanyaga. Namba ni yangu. Nikaomba picha. Gari kwenye picha ni rangi kama ya kwangu lakini ni la aina nyingine, lina kibebeo cha mizigo juu, langu halina. Nikaikuza pleti. Herufi moja iliyosomwa F ilikuwa na tope chini yake limekaa kama mstari, rangi karibu ile ile ya mandhari. Nikaandika barua, nikaambatanisha picha za gari langu mbele na nyuma, nakala ya kadi ya gari, na pale kwenye picha yao nikachora mshale kuelekea lile tope. Walipokwenda kusaka yenye E badala ya F, likaja gari la aina ile na rangi ile.

Ilichukua miezi miwili na safari nne. Huyo mwenye E hakuwa mhalifu. Alikuwa mchafu tu. Lakini uchafu wake uliingia kwenye jina langu.

Filimbi_Mstaafu (#31)
Hilo ndilo nilitaka kulifikia. Wengi mnafikiri pleti ni ya serikali dhidi ya dereva. Kwenye ajali ya kugonga na kukimbia, shahidi ana sekunde mbili, mara nyingi ni usiku, mara nyingi ni mtu aliyeshtuka. Anakumbuka herufi tatu na rangi. Ukiwa na tatu sahihi unaweza kupunguza orodha. Ukiwa na tatu ambazo moja ni tope, unakwenda kugonga mlango wa mtu asiyehusika, kama huyu ndugu #30. Niliwahi kugonga mlango wa namna hiyo. Haupendezi.

MapatoTu (#32)
Kisa cha #30 kimenigusa, sina neno. Lakini kinaonyesha udhaifu wa mashine pia. Kwa nini mtu asiye na hatia ndiye aende safari nne? Mashine ikisoma namba na aina ya gari haifanani na kumbukumbu, binadamu hatazami kabla ya kutuma?

Lenzi (#33)
Inapaswa atazame. Kuna mifumo inayolinganisha aina na rangi kabla ya kutuma, kuna inayotuma tu. Hapo sikupingi.

BataMaji (#34)
Andikeni tarehe. MapatoTu na Lenzi wamekubaliana.

Wakili_wa_Kijiweni (#35)
Nilisahau kitu kidogo kinachowakamata watu wasafi kabisa: skrubu. Skrubu nyeusi ikipigwa katikati ya herufi, au kati ya mbili, inaongeza nukta au mguu. Kuna wanaofanya makusudi, kuna ambao fundi alitoboa palipokuwa rahisi. Vipo vifuniko vya skrubu vya rangi ya mandhari, vinatatua. Fremu za mapambo nazo zikila ukingo wa juu wa herufi ni tatizo. Na kibebeo cha baiskeli nyuma! Pleti yako inaweza kuwa inameta huku imejificha nyuma ya gurudumu. Ukifunga kibebeo au tela, namba lazima irudiwe mahali panapoonekana, na taa yake iwake.

Mafuriko_Yalinipitia (#36)
Na isipokuwepo kabisa? Yangu ya mbele ilichukuliwa na maji nilipokatiza barabara iliyofurika. Sikujua mpaka nimefika. Niliandika namba kwenye boksi nikaweka kwenye kioo cha mbele.

Filimbi_Mstaafu (#37)
Maji hung'oa pleti nyingi, nguvu yake inapiga pale chini mbele kabisa. Boksi halikusaidii, maana hata mwizi anaweza kuandika boksi. Ripoti polisi siku hiyo hiyo, pata karatasi ya upotevu, kisha omba mpya kwenye mamlaka ya usajili. Ile karatasi ina faida mbili. Inakutetea njiani unapokwenda kutengeneza, na inaweka tarehe. Pleti yako ikiokotwa na kufungwa kwenye gari jingine linalokwenda kujaza mafuta na kukimbia, tarehe hiyo ndiyo itakayokutenganisha naye.

KingoYaBarabara (#38)
Kuna jambo la tinti sijaliona likisemwa. Ukiwa nyuma ya gari dogo, unatazama mbele yake kupitia vioo vyake, unaona taa za breki za gari la tatu. Vioo vikiwa vyeusi huoni, unasubiri huyo wa mbele yako ashtuke ndipo nawe ushtuke. Mimi nikiwa kwenye baiskeli natumia hilo kila siku.

Lenzi (#39)
Ni hoja nzuri, na hesabu ni ile ile kwa mara ya tatu. Unapita vioo viwili, vya nyuma na vya mbele. Vyote vikiwa 75, unabakiza 56. Nyuma ikiwa 20, unabakiza 15. Ila hapo sheria nyingi zimeruhusu nyuma iwe nyeusi, kwa hiyo hata wao hawajakubaliana na wewe. Gari la mizigo lililofungwa nyuma nalo huoni kitu mbele yake, na ni halali.

KingoYaBarabara (#40)
Kwa hiyo sababu yao si hiyo.

Filimbi_Mstaafu (#41)
Sababu inategemea unamuuliza nani. Mwenye gari la doria atakwambia mikono. Mtu wa usalama barabarani atakwambia usiku. Mpelelezi atakwambia sura ya dereva.

MapatoTu (#42)
Na mhasibu atakwambia ukweli.

GiaMbili (#43)
Kabla sijalala, nipeni namna ya kujipima mwenyewe pleti bila kamera ya infraredi.

Lenzi (#44)
Usiku, simama nyuma ya gari hatua sita au saba. Shika simu karibu kabisa na jicho, uwashe tochi, usiishushe kifuani kwa sababu mwanga unarudi ulikotoka. Pleti nzima iwake sawasawa. Palipo na kiraka cheusi utando umekufa au umefunikwa. Au piga picha yenye mwanga wa simu, ikuze. Osha, rudia. Kama kiraka kimebaki baada ya kuosha, si uchafu tena. Na mita 40 ni kama hatua 50 ndefu za mtu mzima, hiyo ifanye mchana.

GiaMbili (#45)
Nimerudi, siku nne baadaye.

Nimetoa tinti milango ya mbele, nimeacha ya nyuma. Nimepata mtu mwenye kifaa, kioo kikavu kikasoma 77. Karibu kabisa na ile 78 ya Lenzi, nikacheka mwenyewe.

Pleti nimeiosha usiku na kufanya jaribio la tochi. Juu inawaka kama taa. Kona ya chini kulia, kwenye tarakimu mbili za mwisho, ni jeusi tii. Nikaosha tena, jeusi. Nikatazama kwa karibu mchana, utando umekwanguka, unaona mikwaruzo midogo imeelekea upande mmoja. Nikakumbuka kijana wa kuosha magari, kila wiki anapiga maji ya presha akiwa amesogeza mdomo wa bomba kabisa, halafu anamalizia kwa brashi ya waya. Kwa hiyo hata ningekuwa msafi siku ile, huenda pleti ingekuwa nusu. Nimeshaomba mpya.

Faini ya tinti nalipa. Ya pleti nakwenda kuuliza swali moja tu, alisimama mita ngapi.

Wakili_wa_Kijiweni (#46)
Usipeleke hiyo habari ya brashi ya waya.

Filimbi_Mstaafu (#47)
Mimi ningeipeleka. Lakini mimi nilikuwa upande ule.

Mchanga_Mchanga (#48)
Wakuu, ile ya mapovu nilikuwa nimeshaanza kabla FundiVioo hajajibu. Mapovu yameisha. Leo asubuhi kulikuwa na baridi, kioo cha nyuma kimejaa ukungu, nimewasha, umeondoka mistari miwili ya juu tu. Hiyo mingine inaungika?

FundiVioo (#49)
Ipo rangi ya fedha ya kuunga mistari hiyo, inapakwa kwa brashi ndogo pale palipokatika, kama pengo ni dogo. Umekata mingapi?

Mchanga_Mchanga (#50)
Sijahesabu. Mingi.